Tundu Pana, Bolti Nyembamba: Kwa Nini Kikalio cha Choo Huhama Upande

Shangazi yangu wa Tanga ana miaka 74 na magoti yasiyomtii tena. Akienda chooni hushika ukuta kwa mkono wa kulia, hugeuka kidogo kidogo, kisha hujiachia taratibu mpaka akae. Siku moja asubuhi alijiachia hivyo hivyo kama siku zote, na kikalio kikamkimbia. Hakikuvunjika wala hakikung'oka. Kilihama tu upande wa kushoto, naye akahama nacho. Alidaka bomba la kuchambia lililo ukutani, likamzuia asifike sakafuni. Aliponisimulia kwa simu hakulalamikia mkono uliochubuka. Alisema, "Mwanangu, fundi amekaza mara tatu. Mara tatu! Wiki mbili tu, kinarudi kule kule."

Maneno yake ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nipande basi. Kitu kikikazwa mara tatu na kulegea mara tatu, ugonjwa wake si kulegea. Kulegea ni dalili. Fundi alikuwa anatibu homa huku malaria ikibaki mwilini. Nilipofika na kuinama nyuma ya lile sinki, niliuona ugonjwa wenyewe kwa macho: bolti nyembamba imesimama katikati ya tundu pana, na pembeni yake hakuna chochote ila hewa. Kikalio kilishikiliwa na nguvu ya kubanwa peke yake. Hakukuwa na kitu kinachoizuia bolti kutembea ndani ya tundu.

Hilo ndilo jambo ninalotaka msomaji alichukue. Kikalio kinachohama upande mara nyingi hakiponi kwa kukazwa zaidi. Hupona tundu linapojazwa.

Tazama kinachotembea

Kabla ya kushika spana, jua kwanza ni nini hasa kinachocheza, kwa sababu mambo matatu tofauti yanaweza kumfanya mtu aseme kiti cha choo kimelegea.

Funika kikalio, piga goti upande mmoja wa sinki, na uweke vidole vya mkono mmoja juu ya kitako cha bawaba, pale nyuma ambapo bawaba imekaa juu ya kauri. Kwa mkono mwingine sukuma ncha ya mbele ya kikalio kulia na kushoto. Vidole vyako vitakupa jibu. Ukisikia kitako chenyewe kinateleza juu ya kauri, tatizo liko kwenye bolti na tundu, na makala haya yanakuhusu moja kwa moja.

Kitako kikitulia tuli huku kikalio kinacheza, basi kilicholika ni pini ya bawaba au plastiki inayoizunguka. Hapo hata ukikaza bolti mpaka jasho likutoke hutapata kitu. Bawaba yenyewe ibadilishwe, au kikalio kizima ikiwa bawaba zake haziuzwi peke yake.

Na kama kinachotembea ni sinki zima juu ya sakafu, achana na kikalio na umwite fundi bomba. Hapo zimelegea bolti zinazolishika sinki chini, na mchezo huo hatimaye huvujisha maji machafu pale sinki linapoungana na bomba la kutolea.

Kikalio cha shangazi kilikuwa cha kundi la kwanza. Kitako kiliteleza chini ya vidole vyangu, na juu ya kauri kilikuwa kimechora alama ya kijivu yenye umbo la nusu mwezi, alama ya miezi mingi ya kwenda na kurudi.

Milimita 3 zinazozaa sentimita 2

Watu wengi hushangaa kwamba tundu la sinki halilingani na bolti yake. Halilingani kwa makusudi. Kauri huchomwa tanuruni, na ikiiva husinyaa, kwa hiyo kiwanda hakiwezi kuahidi tundu mahali kamili kwa kipimo cha nywele. Tundu huachwa pana ili vikalio vya watengenezaji tofauti vipate kuingia. Sinki la shangazi lilikuwa na matundu ya milimita 15, na bolti za kikalio zilikuwa za milimita 8. Ukiiweka bolti katikati kabisa, kila upande unabaki na nafasi ya milimita 3 na nusu.

Milimita 3 na nusu zinaonekana si kitu, ila bolti ziko mbili na zimekaribiana. Kati ya kitovu cha tundu moja na kitovu cha la pili nilipima milimita 155, kipimo ambacho utakikuta kwenye masinki mengi yenye asili ya Ulaya. Kutoka kwenye bolti hizo mpaka ncha ya mbele ya kikalio palikuwa na sentimita 42. Sasa fikiria bolti ya kulia inasogea mbele milimita 3 na nusu na ya kushoto inarudi nyuma kiasi hicho hicho. Kikalio kizima kimezunguka kidogo, na kwa sababu ncha yake ya mbele iko mbali sana kuliko bolti zilivyoachana, mzunguko ule mdogo wa nyuma unakuwa karibu sentimita 2 mbele. Kulia sentimita 2, kushoto sentimita 2. Hizo ndizo sentimita zilizomtupa shangazi.

Umbali huo huo hufanya kazi upande wa nguvu pia. Mtu akikaa kwa kuegemea upande, au akigeuka kufikia kitufe cha kuflashi, anasukuma sehemu ya mbele ya kikalio pembeni. Akisukuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 5 tu, kila bolti inapokea msukumo wa zaidi ya kilo 13. Kikalio ni mtarimbo mrefu, na bolti ndizo zinazong'olewa nao.

Ikiwa kinachozuia msukumo huo ni kubanwa peke yake, kitako huteleza kidogo. Kila kinapoteleza, bolti huyumba kwenye nati, na nati huzunguka kiasi kisichoonekana kwa jicho. Baada ya siku nyingi imeshalegea. Mafundi wa mitambo wanaijua vizuri tabia hii: bolti inayosukumwa ubavuni hujifungua kwa haraka kuliko inayovutwa kwa urefu wake. Ndiyo maana fundi wa shangazi alikaza vizuri, na bado kazi yake haikudumu. Kuteleza ndiko kulikokuwa kunaifungua nati. Usipozuia kuteleza, nati itafunguka tena.

Viwanda vinajua hili, na ndiyo sababu ndani ya boksi la kikalio kipya mna kipande kidogo cha raba au plastiki laini chenye umbo la pia, chembamba juu na kipana chini. Kazi yake ni kuingia ndani ya tundu, kuizunguka bolti na kuijaza ile hewa. Kipande hicho ndicho kinachopotea. Kikalio kikifunguliwa kwa usafi au ukarabati, raba hudondoka nyuma ya sinki, hufagiliwa na takataka, na mtu hurudisha bolti, washa na nati akiamini amerudisha vyote. Kwa shangazi hazikuwepo upande wowote.

Kufungua bila kuvunja

Bolti za zamani mara nyingi hazifunguki kwa hiari. Maji ya kuchambia huzimwagikia kila siku, hewa ya pwani ina chumvi, na asidi ya kusafishia choo hula ngozi inayong'aa ya chuma mpaka chuma chenyewe kikaonekana na kuanza kutu. Nati ya shangazi upande wa kulia ilikuwa imegeuka donge la kahawia.

Fungua kikalio kwa utaratibu huu. Kwanza tandaza kitambaa ndani ya sinki ili kitu kikidondoka kisizame. Kisha inama, safisha nati kwa brashi kavu ya mswaki wa zamani, tia mafuta ya kulainisha kutu na uyaache yafanye kazi kwa nusu saa au zaidi. Shikilia kichwa cha bolti juu kwa bisibisi, maana kama bolti inazunguka pamoja na nati utageuza mchana kutwa bila faida. Kwenye vikalio vingi kichwa hicho kimefichwa chini ya kifuniko kidogo cha plastiki juu ya bawaba, na hunyanyuka kwa ncha ya bisibisi bapa. Nati izungushe kinyume cha saa ukiitazama kutoka chini, upande uliko wewe.

Ikigoma kabisa, ikate. Msumeno wa chuma unatosha, hata ule wembe wake peke yake ukishikwa kwa kitambaa. Bandika tabaka mbili tatu za tepu kwenye kauri kuizunguka nati, ingiza wembe kati ya nati na kauri, na ukate taratibu. Bolti ya plastiki huisha kwa dakika chache. Ya chuma inataka subira. Nilichukua dakika 20 kwa ile moja ya kulia.

Kitu kimoja usikifanye: usigonge. Kauri ina nguvu sana ya kubeba uzito, lakini haina uwezo wa kunepa. Pale nyuma palipotobolewa ni mahali pembamba, na nyundo moja inaweza kuanzisha ufa unaotambaa mpaka ndani ya sinki. Kikalio ni cha kununua upya kwa bei ndogo. Sinki lililopasuka linavunjiwa sakafu.

Vipimo vinne na sumaku moja

Baada ya kufungua, osha matundu kwa maji na sabuni, suuza, kausha kwa kitambaa. Ukiwa hapo hapo, pima na uandike. Andika umbali kati ya vitovu vya matundu mawili. Andika upana wa tundu lenyewe. Andika unene wa kauri pale penye tundu, na njia rahisi ni kupitisha kijiti, kukiwekea alama juu na chini, kisha kukilaza kwenye rula. Mwisho, andika upana wa sinki mahali palipo panana zaidi na urefu kutoka mstari wa matundu hadi ukingo wa mbele, ikiwa unanunua kikalio kizima.

Dukani uliza bolti za bawaba pamoja na raba zake. Usikubali bolti tupu. Ikiwa unataka kujua kama bolti ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha au ni chuma kisichoshika kutu, beba sumaku. Sumaku ikiing'ang'ania kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa, na choo cha pwani kitakimaliza. Shaba ya njano ni nzuri. Plastiki ngumu nayo haina aibu kwa kikalio chepesi, kwa sababu haijui kutu, ingawa nyuzi zake huharibika ukiikaza kwa fujo.

Duka nililoingia Tanga lilikuwa na bolti nzuri zisizoshika kutu, lakini raba zake zilikuwa ndogo mno kwa tundu la milimita 15. Niliokolewa na kitu ambacho kila fundi ujenzi anacho: mpira wa leveli, ule mrefu wa kuonyesha maji unaotumika kusawazisha ukuta. Nilichagua unaoingia kwenye bolti kwa kusukumwa na ambao ubavu wake unakaribia kujaza tundu. Muuza duka akanikatia kipande.

Hapa pana jambo la kuangalia sana. Kipande hicho kikatwe kifupi kidogo kuliko unene wa kauri. Kauri ya shangazi ilikuwa na unene wa milimita 20, nami nikakata vipande vya milimita 17. Kikiwa kirefu kuliko kauri, nati itabana mpira badala ya kubana sinki, na utakuwa na kikalio kinachocheza juu chini badala ya kulia kushoto.

Usijaze tundu kwa saruji wala gundi ngumu. Saruji haishikani vizuri na kauri laini, hupasuka kwa mtikisiko, na siku ya kubadilisha bolti utalazimika kuichimba kwa patasi pale pale ambapo nimesema usigonge. Tepu ya umeme iliyozungushwa kwenye bolti nayo hatimaye huachia na kuteleza kama ganda la ndizi.

Kufunga kutoka chini

Vitu hupangwa kutoka juu kwenda chini hivi: kichwa cha bolti, kitako cha bawaba, raba nyembamba au plastiki bapa inayokaa kati ya kitako na kauri, kauri yenyewe ikiwa na raba ya kujaza ndani ya tundu, kisha upande wa chini washa ya raba, washa ngumu, na nati. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba chuma kisiguse kauri popote. Raba ile ya juu husaidia pia kitako kisiteleze, kwa hiyo isiachwe hata kama inaonekana ni mapambo.

Ikiwa raba yako ni ile yenye umbo la pia, ncha nyembamba huelekea juu na kuingia tunduni kutoka chini. Nati inapopanda huisukuma ndani, nayo hujibana pande zote na kuiweka bolti katikati. Ikigeuzwa, upande mpana ukitangulia, haiingii tunduni hata kidogo. Inabaki imening'inia chini kama washa nyingine, na tundu linabaki na hewa yake. Nimeona vikalio vingi vilivyofungwa hivyo, vyote vikiwa na raba na vyote vikihama.

Pandisha nati zote mbili kwa vidole mpaka ziguse, usikaze bado. Funika kikalio, nenda ukasimame mbele ya sinki, na ukisogeze mpaka ukingo wake utokeze sawa kulia na kushoto. Bawaba nyingi zina kitako ambacho bolti yake haiko katikati. Ukikizungusha kitako, kikalio kinasogea mbele, nyuma au pembeni. Nafasi hiyo imewekwa kwa ajili ya masinki ambayo matundu yake hayakukaa pa kawaida. Itumie sasa, kabla ya kukaza.

Kisha kaza kwa zamu, kidogo kulia, kidogo kushoto, ili kimoja kisikivute kingine. Mkono wako ukishindwa kuzungusha nati, shika spana au plaizi uongeze robo mzunguko. Robo inatosha. Ile raba ndani ya tundu sasa ndiyo inayopokea misukumo ya pembeni, kwa hiyo nati haina haja ya kubana kama ya gurudumu la gari. Anayeongeza nguvu kwa kuogopa kulegea ndiye anayepasua kauri.

Inua kikalio uangalie chini yake. Pana miguu midogo ya raba, mara nyingi minne, inayokalia ukingo wa sinki. Mmoja ukiwa umetoka, kikalio kinaegemea upande huo kila mtu anapokaa na uzito wote huvuta bawaba. Cha shangazi kilikosa mmoja upande wa kushoto, ule ule kilikokuwa kinakimbilia. Nilibandika mwingine wenye kimo sawa na wenzake.

Nilipomaliza nilisukuma ncha ya mbele kwa nguvu. Mpira wa leveli na bolti kwa pamoja vilikuwa na upana wa milimita 14 ndani ya tundu la 15. Nafasi ya nusu milimita kila upande, kwa hesabu ile ile ya mwanzo, haiwezi kutoa hata milimita 3 pale mbele. Shangazi alikuja, akashika ukuta, akageuka, akajiachia. "Kimetulia," alisema, akakaa kwa muda akijaribu kulia na kushoto.

Sinki lisilofikika chini

Nyumba hiyo ina choo cha pili, cha wageni, kilichojengwa miaka ya karibuni. Sinki lake limegota ukutani, ubavu wake ni laini mpaka chini, na tangi limefichwa ndani ya ukuta. Ukiinama kutafuta nati hupati pa kupitisha mkono. Matundu yake yanaonekana juu tu. Kikalio cha sinki la namna hii hufungwa kutoka juu, na bolti zake zinafanya kazi kwa njia nyingine kabisa.

Badala ya nati ya chini, pana kizibo cha raba chenye nati iliyozama kwenye ncha yake ya ndani na shingo pana juu inayokaa mdomoni mwa tundu. Ukizamisha kizibo tunduni na kuzungusha skrubu kutoka juu, nati hupanda, raba hufinywa kwa urefu na kutanuka kwa upana mpaka ibane kuta za tundu. Ni kama ukifinya embe bivu juu na chini, linatokeza ubavuni. Uzuri wake ni kwamba kujaza tundu na kubana ni tendo moja. Ubaya wake ni kwamba ukikosea, raba haijatanuka, na kikalio kinahama kuliko cha aina ya kwanza.

Kosa kubwa ni tundu lenye maji, sabuni au mafuta. Raba huzunguka pamoja na skrubu, mtu anahisi anakaza, kumbe kizibo chote kinazunguka tunduni bila kutanuka. Kwa hiyo kausha tundu kwa kitambaa kilichozungushiwa kwenye kijiti, na usitie mafuta yoyote ili "kuingia kirahisi". Kizibo kinachofaa huingia kwa kusukumwa kwa dole gumba. Kikitumbukia chenyewe, ni chembamba kwa tundu lako na hakitashika.

Kabla ya kukizamisha, anza kuingiza skrubu mizunguko mitatu minne kwenye nati yake, ikiwa imeshapita kwenye kitako cha bawaba. Skrubu hiyo ndiyo mkono wako. Kizibo kikidondokea ndani ya sinki lililozibwa, hakitolewi tena. Sukuma mpaka shingo ya raba ilale juu ya kauri, panga kikalio kikae katikati, kisha kaza ukiwa umekishika kitako kisizunguke. Ikiwa skrubu inazunguka bila kuwa nzito, kivute kitako juu kidogo huku ukizungusha. Mvuto huo huifanya raba ianze kuuma kuta. Baada ya hapo kila mzunguko utakuwa mzito kuliko uliopita. Mkono ukisikia raba imejaa na kitako hakisogei tena ukikisukuma, simama.

Vikalio vingi vya aina hii vina kitufe cha kukichomoa kikalio kwa usafi, vitako vikabaki juu ya sinki. Kitumie unapofunga: panga kikalio kikiwa mahali pake, kisha kichomoe uone skrubu vizuri wakati wa kukaza, mradi vitako visihame. Ukikirudisha, sikiliza mlio wa kubana pande zote mbili. Upande mmoja usipobana, kikalio kitayumba kama bolti imelegea na utalaumu kazi nzuri.

Siku ya kuviondoa, usitoe skrubu yote. Ilegeze mizunguko michache, ibonyeze chini ili raba irudi umbo lake jembamba, kisha vuta vyote pamoja. Anayeichomoa skrubu kabisa huiacha nati ndani ya sinki.

Alama ya penseli

Raba ina tabia ya kujipanga upya ikishabanwa. Siku za mwanzo hunywea kidogo, na nati iliyokuwa sawasawa hubaki na ulegevu. Kwa hiyo baada ya wiki moja rudi ukaze tena kwa vidole, au robo mzunguko ikihitajika. Hiyo ni mara moja tu. Ikikuita tena mwezi unaofuata, na mwezi wa baada yake, acha kukaza na ufungue uangalie tundu.

Lakini shangazi hawezi kuinama kupima nati, na mimi siishi Tanga. Kabla ya kuondoka nilichukua penseli laini na kuchora mstari mwembamba juu ya kauri, ukifuata ukingo wa kila kitako cha bawaba. Nilimwonyesha mjukuu wake anayeosha choo. Mstari ukigusana na kitako, hakuna lililosogea. Ukiona weupe umejitokeza kati ya mstari na kitako, bolti imeanza kutembea, na kuna muda wa kutosha wa kuitengeneza kabla bibi hajahama nayo.

Wiki ya kwanza ilipotimia, mjukuu alikaza upande wa kulia robo mzunguko kama nilivyomwagiza. Kila nikipiga simu sasa huuliza habari za mstari baada ya salamu, na sasa ni mwezi wa tano. Umefifia kwa kuoshwa, ameuchora upya mara mbili, na mara zote mbili ameuchora pale pale.